Kabla ya kijiko cha poda, angalia sufuria

Vijana wenzangu wa Lobule, Imvepi na Rhino Camp, na nyie wakubwa zetu wa mashirika mnaotusoma, leo naandika juu ya ile poda ya protini. Naona imeingia kwetu kwa nguvu. Ukienda Arua mjini unaipata kwenye makopo makubwa meusi yenye picha ya mkono umevimba. Ukienda Koboko unampata kijana anayeipima kijiko kimoja kimoja, anaifunga kwenye kavera, anakuuzia kama sukari. Na wanaonunua ni sisi, watu ambao mgao wa chakula umetupungua.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa, nisiwazungushe. Kwa wengi wetu hapa kile kijiko ni pesa ya bure imetupwa. Si kwa sababu poda ni sumu, hapana, ile ya kweli ni chakula safi. Inatupwa kwa sababu ya kitu kinachotokea ndani ya mwili wa mtu ambaye hajashiba, na hicho kitu wauzaji hawakisemi. Lakini wapo watu wachache ambao kijiko kinawasaidia kweli, na hao pia nitawataja, ili msije mkasema nimechukia tu biashara ya watu.

Tuanze na poda yenyewe. Nyingi inatoka kwenye maziwa. Watu wa viwandani wakitengeneza jibini, maziwa yanaganda na yanabaki maji ya rangi ya kijanikijani. Hayo maji yana protini. Wanayachuja, wanayakausha, wanaongeza ladha ya vanila au chokoleti, basi. Nyingine inatoka kwenye soya. Kijiko cha kawaida, kile cha plastiki ambacho wenyewe wanaita skupu, kinabeba karibu gramu 30 za poda, na ndani yake kama gramu 24 ni protini. Nguvu inayotoka kwenye kijiko kizima ni kama kalori 120. Shikeni hiyo namba ya 120, tutairudia.

Sasa tumchukue kijana mmoja. Nimemtengeneza kutoka kwa vijana wengi ninaowaona, kwa hiyo usijitafute ndani yake. Ana kilo 60. Mchana anafyatua matofali, jioni anabeba vyuma vya jim yetu, zile debe mbili za saruji zilizounganishwa na bomba. Asubuhi anakunywa chai ya rangi yenye sukari ya kutosha na chapati moja. Usiku anakula posho ya unga kama gramu 300, maharage ambayo yakiwa makavu yalikuwa gramu 60, na mafuta kijiko kimoja kikubwa. Kwa sasa hiyo ni siku nzuri, wapo wanaokula chini ya hapo.

Tuhesabu. Unga wa mahindi gramu 300 unampa kalori kama 1,080 na protini gramu 24. Ndiyo, msishangae, posho nayo ina protini. Maharage yanampa kalori 200 na protini 13. Mafuta kalori 130 hivi, sukari ya chai 120, chapati kalori 300 na protini 7. Jumla anafika kalori 1,830 na protini gramu 44.

Mtu mzima asiyefanya kazi nzito anashauriwa apate protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 60 hiyo ni gramu 48. Maana yake huyu ndugu yetu kwa upande wa protini ya kuishi tu yuko karibu kufika, amebakiza gramu nne. Anayejenga misuli anahitaji zaidi, na utafiti mwingi wa wanamichezo unasimama karibu gramu 1.6 kwa kilo, yaani 96 kwa huyu. Hapo ndipo muuzaji anapomkamata: "Unaona, una upungufu wa gramu 50, nunua vijiko viwili." Na hesabu hiyo ukiitazama juu juu ni sawa kabisa.

Lakini angalia upande wa pili wa karatasi. Mtu anayefyatua matofali mchana na kubeba vyuma jioni anachoma kalori zinazokaribia 2,800 au zaidi kwa siku. Yeye ameingiza 1,830. Pengo ni kama kalori 1,000. Mwili hauwezi kuahirisha hilo deni mpaka mwisho wa mwezi. Moyo lazima udunde, ubongo lazima ufanye kazi, joto la mwili lazima libaki. Kwa hiyo mwili unatafuta kuni popote zilipo. Unachoma mafuta kidogo uliyo nayo, halafu unachoma protini pia. Unaivunja, sehemu yake yenye nitrojeni unaitoa kwenye mkojo, na iliyobaki unaitia motoni kama wanga wa kawaida.

Sasa mpe huyo mtu kijiko cha poda. Amepata kalori 120 kwenye pengo la 1,000. Sehemu kubwa ya ile protini ya gharama itachomwa, kama vile mtu aliyenunua mbao nzuri za mlango halafu jioni akazitia jikoni kupikia chai kwa sababu hana kuni. Mbao zilikuwa nzuri, kosa halikuwa kwenye mbao. Na yeye atakaa miezi mitatu akijipima mkono kwa kamba, mkono uko palepale, halafu atasema poda ilikuwa feki. Labda haikuwa feki, bana. Ilichomwa tu.

Hii habari si mpya, na Uganda yenyewe iko katikati yake. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na nywele kubadilika rangi, akautambulisha kwa jina la watu wa kule: kwashiorkor. Baadaye madaktari wa Mulago, Kampala, waliufanyia kazi kubwa. Wengi duniani wakaamini kwamba shida ni protini tu, na maziwa ya unga yasiyo na mafuta yakawa dawa. Mpaka miaka ya 1960 Umoja wa Mataifa ulikuwa unazungumza juu ya hatari ya dunia kukosa protini, na watu wakashughulika kutengeneza poda na unga wa protini wa kila namna. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren akaandika kwenye Lancet hiyo hiyo kwamba mkazo ule kwa protini peke yake ulikuwa kosa kubwa. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha kwa ujumla, ukimwekea protini peke yake, hujamtatulia shida.

Na pale pale Mulago mwaka 1965 kilikuwa kimeanzishwa kituo cha Mwanamugimu, ambacho kiliwafundisha akina mama kupika kitobero: chakula cha wanga, kunde au karanga, samaki mkavu kidogo na mboga, vyote pamoja kwenye kifurushi kimoja cha majani ya ndizi. Sisi leo tumerudi kwenye kopo. Inanishangaza kidogo.

Turudi kwa kijana wetu wa matofali. Badala ya kijiko cha poda, mpe karanga gramu 100, kama viganja vitatu vizuri vya mtu mzima. Zina protini gramu 25, sawasawa na kijiko au zaidi kidogo. Lakini kalori zake ni kama 570. Umeona tofauti? Protini ile ile, na kuni karibu mara tano ndani ya mfuko huo huo. Sasa mwili una kitu cha kuchoma, na protini inabaki kujenga. Mwongezee maharage makavu gramu 100 zaidi kwenye sufuria yake, anapata protini 22 nyingine na kalori zaidi ya 300. Kwa vitu viwili tu amefika protini 91 na kalori kama 2,700. Hajagusa kopo.

Kuna rafiki yangu wa jim atasema protini ya mimea ni dhaifu. Hapo ana nusu ya ukweli, na tumpe nusu yake. Protini imejengwa na vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, na mahindi yana upungufu wa kimoja kinachoitwa laisini. Maharage yanayo laisini kwa wingi, lakini yana upungufu wa kingine, methionini, ambacho mahindi yanacho. Ndiyo maana posho na maharage si umaskini tu, ni ndoa nzuri. Protini ya maziwa inayeyushwa vizuri zaidi na ina vipande vyote, hilo ni kweli. Basi ongeza maharage nusu tena ya hesabu yako ili kufidia. Bado utakuwa mbali sana na bei ya kopo. Na ile hadithi ya kwamba lazima unywe ndani ya nusu saa baada ya mazoezi la sivyo umepoteza siku, isiwakoseshe usingizi. Kinachohesabika zaidi ni jumla ya siku nzima. Maharage ya saa mbili usiku bado yanajenga.

Twende kwenye pesa sasa. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo hizi nazitumia kama mfano tu, wewe weka bei ya soko lako la siku hiyo. Tuseme kopo la kilo mbili ni shilingi 400,000. Lina vijiko 66, basi kijiko ni kama 6,000, ukipata protini gramu 24. Anayekuuzia kwenye kavera atataka faida yake juu. Tuseme maharage kilo ni 4,000. Kilo ina protini gramu 220. Ili kupata zile 24 unatumia shilingi kama 440. Karanga kilo kwa 7,000, unatumia kama 670. Mukene mkavu kilo kwa 14,000, protini yake ni zaidi ya nusu ya uzito wake, unatumia kama 600. Mayai manne ya 500 kila moja ni 2,000. Hata yai, ambalo tunaliona chakula cha bosi, ni theluthi ya bei ya kijiko.

Njia ya kuhesabu ni moja tu: bei gawanya kwa gramu za protini unazopata. Ukiifanya mara moja mbele ya muuzaji, maneno yake yanapungua.

Na hiyo hesabu inakamata pia yale makopo makubwa zaidi, yanayoahidi kukuongezea uzito haraka. Geuza kopo, usisome mbele, soma nyuma. Tafuta uzito wa kipimo kimoja, halafu tafuta protini ndani ya kipimo hicho. Ukikuta kipimo ni gramu 150 na protini ni 30, maana yake ni asilimia 20 tu. Kilichobaki sehemu kubwa ni wanga na sukari. Umenunua posho ya Ulaya kwa bei ya ndege.

Ile ya kwenye kavera ni hatari nyingine. Haina tarehe, haina kipimo, na hujui imechanganywa na nini. Unga wa ngano au wa muhogo unaweza kuingia humo bila mtu kujua, vanila inafunika. Kuna jaribio mlifanya kwenye somo la bayolojia, mkumbuke: tone la ayodini. Changanya poda kidogo na maji, dondosha tone la ayodini ya kahawia. Ikigeuka bluu nyeusi, kuna wanga ndani. Poda safi ya maziwa haigeuki hivyo. Lakini ikikosa kugeuka si uthibitisho kwamba ni nzuri, maana sukari na maziwa ya unga ya kawaida hayaonekani kwa ayodini. Halafu kumbukeni, poda haichemshwi. Unaikoroga kwenye maji ya jerikani na kunywa. Kama maji yale si safi, kuharisha kwa siku tatu kutakutoa zaidi ya ulichoingiza. Wengine tumbo linajaa gesi na kuunguruma kwa sababu watu wazima wengi wa Afrika hawayeyushi vizuri sukari ya maziwa, na poda za bei ya chini huwa bado nayo.

Najua kuna mtu atanijibu: "Wewe volontia unasema karanga na maharage kama vile vimelala njiani." Nakubali, hapo ndipo penye uchungu. Mgao kamili wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulikuwa unahesabiwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2020 ulishuka mpaka asilimia 70. Mwaka 2023 tuligawanywa kwa makundi, wengine asilimia 60, wengine 30, wengine sifuri. Asilimia 30 ya 2,100 ni 630. Mtu wa 630 ukimwambia habari ya protini unamtania. Lakini hiyo ndiyo sababu yangu hasa. Kadiri mgao unavyoshuka, ndivyo pengo la kuni mwilini linavyokuwa kubwa, na ndivyo kijiko kinavyochomwa zaidi. Mwenye njaa zaidi ndiye anayepoteza zaidi kwa poda ile ile.

Na wengi tumehama kutoka posho kwenda muhogo kwa sababu unapatikana. Hapa pana mtego ambao watu hawauoni. Unga wa mahindi una protini kama gramu 8 kwa kila 100. Unga wa muhogo una moja au mbili. Kijana wetu akibadilisha ile posho ya gramu 300 kwa bugali wa muhogo, anashiba vilevile, tumbo limejaa, lakini protini yake inashuka kutoka 44 mpaka 25 hivi. Kwa hiyo anayekula muhogo kila siku ndiye wa kwanza kuhitaji kitu pembeni: sombe iliyotwangwa vizuri na kuchemshwa sana, ikapikwa na karanga, na samaki mdogo ndani. Mama zetu kule Kongo walijua hii bila kopo la kusoma nyuma. Wenyeji wetu huku nao mara nyingi wanachanganya muhogo na mtama au ulezi kwenye enyasa, na mchanganyiko huo ni bora kuliko muhogo peke yake.

Gharama nyingine ya chakula cha kawaida ni kuni, na watetezi wa poda wako sahihi hapo. Maharage yanakula moto. Dada zetu ndio wanaokwenda mbali kutafuta kuni, na njiani si salama, sote tunajua. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji kunapunguza muda wa moto sana. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu yanagoma kuiva hata ukiyapika asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo yauma kidogo dukani, nunua mapya. Lakini karanga zinataka dakika chache tu za kukaangwa, na mukene hivyo hivyo.

Mukene nitaukalia kidogo, kwa sababu ndiyo poda yetu wenyewe. Hapa kwetu unapata mukene, na pia wale wadogo wa Ziwa Albert wanaoshushwa Panyimur, muziri na ragoge. Wale waliotoka Kivu watakumbuka sambaza. Namna ya kufanya ni hivi. Chagua samaki waliokaushwa juu ya nyavu au vichanja, si juu ya mchanga. Utajua kwa kuchukua kiganja na kukitikisa juu ya karatasi: mchanga ukidondoka, na ukihisi unasaga meno ukionja mmoja, hao wa mchangani mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku. Wawe wanang'aa rangi ya fedha, wasiwe na rangi ya njano ya mafuta yaliyooza wala ukungu. Wapitishe haraka kwenye maji, uwaanike tena mpaka wakauke kabisa. Wakaange kavu kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka wavunjike kwa vidole. Twanga, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kijiko kikubwa cha unga huo, kama gramu 10, kina protini kama gramu 5 au 6, na kwa sababu unakula na mifupa yake unapata na kalsiamu ambayo maharage hayakupi hivyo. Tengeneza wa wiki mbili tu, ukikaa sana unapata harufu kali. Koroga kwenye maharage dakika ya mwisho, watoto hawaoni hata macho ya samaki.

Sasa wale ambao kijiko kinawasaidia. Wa kwanza ni mtu ambaye hawezi kutafuna. Ajali za boda kwenye barabara ya Koboko tunaziona, na mtu aliyefungwa taya anaweza kukaa wiki kadhaa akiishi kwa kitu cha kunywa. Huyo anahitaji uji mwepesi wenye mafuta au siagi ya karanga laini, maziwa, na hapo kijiko cha poda kwenye kila kikombe ni kitu cha maana, kwa sababu kidonda na mfupa vinajengwa kwa protini na hawezi kumeza maharage. Wa pili ni mzee au mgonjwa anayetoka kwenye ugonjwa mrefu, ambaye anakula vijiko vitano na kusema ameshiba. Kwake ujazo ndio shida, na poda inabeba protini nyingi kwa ujazo mdogo. Ila huyu aulize kwanza kwa mganga wa kituo, maana mwenye figo mbovu anaweza kuumizwa na protini nyingi. Wa tatu ni mwanamichezo ambaye kweli anakula milo yake yote, uzito wake haushuki, na kuna siku za safari au mechi hana jiko. Huyo asinunue kopo kwa sababu ya picha, anunue kwa sababu ya zile siku.

Ukitaka kujua kama wewe ni wa tatu, jipime uzito asubuhi moja kila wiki kwa mwezi mzima kwenye mizani ile ile. Kama uzito unashuka, au unalala na njaa, huhitaji poda. Unahitaji chakula zaidi, chochote, kwanza mafuta na karanga. Uzito ukisimama na chakula kipo, halafu hesabu yako ya protini bado iko chini, hapo tuongee.

Kwa watoto nasema tofauti na kwa ukali. Nimesikia mtu akishauri mama ampe mtoto aliyevimba miguu poda ya jim, eti kavimba kwa kukosa protini. Usifanye hivyo. Mtoto wa namna hiyo ini lake na figo zake zimechoka, na protini nyingi ghafla inaweza kumwua. Ndiyo maana hospitalini wanamwanzisha kwa maziwa yanayoitwa F-75, ambayo yana protini chini ya gramu moja kwa kila mililita 100, na wanampandisha kwenda F-100 au chakula cha tiba cha pakiti baada ya hali kutulia. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, achia. Vishimo vikibaki, au kamba ya mkono ikisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na hapa kuna jambo ambalo vijana wa jim hatulizungumzi wazi. Zile pakiti za plampinati zinauzwa sokoni, na wanunuzi wengine ni sisi, tunazila baada ya mazoezi. Pakiti ya gramu 92 ina kalori 500 na protini karibu 13. Ni karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Unaweza kupata hiyo protini na nguvu kwenye karanga za kawaida na chapati. Mtoto aliyeandikiwa ile pakiti hawezi kuipata mahali pengine, na ile uliyokula wewe ilikuwa na siku yake kwenye karatasi yake ya matibabu.

Kwa wakubwa wa mashirika nina ombi moja dogo. Mtu wa nje akiwaletea makopo ya poda kama msaada kwa vijana, mshukuruni, na mumwombe ailete kama karanga, maharage na chumvi, au pesa ya kinu cha kusagia karanga Lobule. Kama makopo tayari yamefika, yapelekeni kituo cha afya yakae na watu wa taya na wazee, chini ya mkono wa mhudumu wa lishe.

Na wewe ambaye tayari umenunua kopo, usilitupe. Soma tarehe, lifunge vizuri, unyevu wa msimu wa mvua unaligandisha kama saruji. Usilinywe na maji baada ya mazoezi ukiwa na njaa. Pika uji mzito, utie karanga zilizosagwa, uache upoe kidogo, halafu koroga nusu kijiko. Uji ukiwa unachemka sana poda inashikana mabonge, na hakuna anayependa mabonge.